Nikibadilisha sweta kuwa hudi kwenye picha, kofia haitokei, kamba moja inapotea na mfuko unagawanyika. Shida nini?

Kijora_wa_Sinza #1
Habari zenu wakuu. Nauza hudi kwa jumla na rejareja, fremu yangu iko Kariakoo ila wateja wengi nawapata mtandaoni, Mbeya, Njombe, Arusha huko kwenye baridi. Sasa modo wangu nilimpiga picha mwezi wa tano amevaa sweta la kijivu tupu, halina kitu, shingo ya duara, picha zilitoka nzuri sana jua la asubuhi pale Coco. Mzigo mpya wa hudi nyeusi umeingia na modo kasafiri kwao Songea, nikasema nitumie akili mnemba tu nimbadilishie nguo, mdogo wangu ana laptopu yenye kadi ya gigabaiti 8. Programu unaipa picha ya mtu, picha ya nguo, yenyewe inatafuta sweta liko wapi inalifuta inavalisha hudi.

Rangi imekaa, mikono imekaa, hata maandishi madogo ya kifuani yanasomeka. Lakini:
kofia HAKUNA. Shingo imebaki ya duara kama sweta halafu kamba zinachomoza tu kutoka kwenye nyama ya shingo. Kamba yenyewe ni moja na nusu, ya kushoto inafika katikati ya kifua inayeyuka. Na mfuko wa tumboni umepasuliwa katikati kama hudi ya zipu wakati hii ni ya kuvaa kwa kichwani, mfuko ni mmoja mzima.

Nimerudia mara ishirini hivi. Kuna aliyepita hapa?

mtu_wa_Kimara #2
Yaani umeanzisha uzi kulalamika uzi umepotea 😂

Babu_Kivule #3
Mwanangu hiyo kazi siyo ngumu, ila usimwage pesa. Sweta tupu kuligeuza hudi unatafuta kitambaa kinachofanana, unakata vipande viwili vya kofia, unafumua shingo ya sweta unashonea pale. Tatizo sweta likiwa la kufuma shingo inafumuka yote ukishakata, lazima upige overloki kwanza. Mfuko unaweka juu juu tu. Nilimfanyia mjukuu 2019.

Kijora_wa_Sinza #4
Babu shikamoo 😅 ni kwenye picha, siyo nguo yenyewe.

Babu_Kivule #5
Marahaba. Kwenye picha tena? Mnavalisha picha nguo. Haya.

Chenga_la_Promti #6
Dada shida yako ni maneno. Hujaiambia inachotakiwa kufanya. Usiandike hudi tu, andika kila kitu, mimi natumia hii na inatoka safi:

```
black pullover hoodie, hood down, two drawstrings, kangaroo pocket
```

Neno pullover ndilo linaua zipu. Na hood down ndiyo inaleta kofia mgongoni. Ukikosa hayo itakisia.

Kijora_wa_Sinza #7
Nimejaribu sasa hivi, mfuko umeanza kuwa mmoja mara mbili kati ya tano. Kofia bado hakuna kabisa. Kamba ndiyo zimekuwa tatu 🤦🏾‍♀️

PikseliMbili #8
Kijora, kabla hujaendelea fanya jambo moja. Chukua picha ya zamani na picha mpya uziweke moja juu ya nyingine, halafu uwe unaizima na kuiwasha ile ya juu, uangalie shingoni tu. Ngozi ya shingo, nywele za kisogoni na ukuta au bahari iliyo nyuma ya shingo, je, vinasogea au vimetulia palepale?

Kijora_wa_Sinza #9
Vimetulia kabisa. Mpaka kidani chake kiko vilevile.

PikseliMbili #10
Basi kofia haiwezi kutokea hata uandike ukurasa mzima.

Iko hivi. Hiyo programu kwanza inachora maski, yaani sehemu nyeupe inayosema hapa futa upake upya na sehemu nyeusi inayosema hapa usiguse. Maski inatengenezwa kwa kutafuta nguo iliyopo, na nguo iliyopo ni sweta la shingo ya duara. Kwa hiyo maski inaanzia kwenye mstari wa shingo ya sweta kwenda chini. Sasa jiulize kofia ya hudi ikiwa imeshushwa inakaa wapi. Inakaa kisogoni, inapanda pembeni mwa shingo karibu usawa wa taya, inalala kidogo juu ya mabega. Hayo maeneo yote kwenye picha yako ni shingo, nywele na bahari, yaani ni sehemu nyeusi. Modeli inajua hudi ina kofia, inaiona kwenye picha ya nguo, lakini imenyimwa kiwanja. Ndiyo maana inakata kofia kwa kisu palepale shingoni na kamba zinabaki zinaning'inia hazina pa kutokea.

Ukibadilisha hudi kuwa sweta hupati shida hii (unapata nyingine, kofia ya zamani inabaki kisogoni). Ukitoka sweta kwenda hudi nguo mpya ni kubwa kuliko ya zamani, na maski inafuata ya zamani.

Dawa ni kupanua maski kwa mkono. Ongeza pande zote mbili za shingo mpaka chini kidogo ya masikio, shuka mpaka juu ya mabega. Usiguse uso. Kama unaogopa brashi inatetemeka fanya hivi, badilisha namba kulingana na picha yako, hizi ni za picha ya 768 kwa 1024 mtu akiwa katikati:

```python
from PIL import Image, ImageDraw, ImageChops
m = Image.open("maski.png").convert("L")
uso = Image.open("uso.png").convert("L")
ImageDraw.Draw(m).ellipse((270, 200, 500, 340), fill=255)
m = ImageChops.subtract(m, uso)
m.save("maski2.png")
```

`uso.png` ni picha nyeusi ya ukubwa uleule, umepaka nyeupe juu ya uso na nywele zilizo mbele ya bega. Mstari wa `subtract` ndio unaokuokoa usije ukamrudisha modo wa watu na kidevu kipya.

Chenga_la_Promti #11
Mkuu mimi kwangu kofia inatoka bila hayo yote, na promti tu.

PikseliMbili #12
Inatoka kwa sababu wewe unachora maski kwa brashi nene wewe mwenyewe, unapita mpaka shingoni bila kujua. Au mtu wako wa picha alikuwa na kola. Siyo kwamba maneno hayana kazi, yana kazi kwenye programu inayosoma maneno. IDM-VTON inapokea maelezo ya nguo, ukiandika inasikia. CatVTON wameondoa kabisa sehemu ya kusoma maneno, inaangalia picha ya mtu, picha ya nguo na maski basi. Hapo unaweza kuandika hata shairi.

mtu_wa_Kimara #13
Kwa hiyo Chenga amekuwa akimwandikia kiziwi barua 😂😂

Chenga_la_Promti #14
Ya kwangu siyo hiyo bana, ya kwangu inasoma. Ila sawa la brashi nakubali nusu.

FundiMbagala #15
Samahani naingilia, mimi ni fundi cherehani sijui hayo mamaski. Lakini nimeona picha aliyoweka kule mwanzo na kuna kitu hamjakisema. Picha yako ya NGUO ndiyo mbaya. Umeilaza hudi mezani umeivuta kofia ikasimama juu kama pembe, pana, bapa. Hudi ikivaliwa kofia haikai hivyo hata siku moja. Kofia ni vipande viwili au vitatu vimeshonwa kufuata kichwa, ikianguka nyuma inakunjana, mbele pande mbili za mdomo wa kofia zinapishana chini ya koo kama herufi V. Huo mpishano ndio mtu akiuona anajua hii ni hudi. Sasa umempa mashine picha ya kofia bapa iliyosimama, unategemea aikunje mwenyewe?

Na kamba. Watu wanasema kamba mbili, kwenye hudi kamba ni MOJA. Inapita ndani ya mfereji wa mdomo wa kofia kuanzia kitundu cha kulia, inazunguka juu ya kichwa inatokea kitundu cha kushoto. Ncha ndiyo mbili. Ndiyo maana ukivuta upande mmoja mwingine unafupika. Kwenye picha kama kamba haina kitundu cha kutokea hiyo ni kamba ya kiatu imebandikwa.

PikseliMbili #16
Fundi umemaliza. La picha ya nguo sikuliangalia. Kofia ikiwa imesimama kwenye picha ya nguo nimeona inaleta mambo mawili, ama inamvalisha kofia kichwani wakati hukutaka, ama inaweka kitu kama ubao nyuma ya shingo.

Kijora_wa_Sinza #17
Nimefanya vyote. Nimepanua maski, halafu nimeivalisha hudi kwenye mdoli wa dukani (yule wa kiwiliwili) nikapiga upya kofia ikiwa imelala nyuma. KOFIA IMETOKA!! Ina mpaka ile V ya Fundi. Nimefurahi nimepiga kelele mteja akashtuka.

Ila sasa siwezi kujua kilichoponyesha ni maski au ni picha ya mdoli maana nimefanya kwa pamoja.

FundiMbagala #18
Ni picha.

PikseliMbili #19
Ni maski. Rudia na maski ya zamani na picha ya mdoli uone.

Kijora_wa_Sinza #20
Ngoja umeme urudi.

Mama_Makambako #21
Mimi nasoma kimya kimya lakini acha niseme. Niliagiza hudi mwaka jana kutoka kwa muuzaji mmoja wa huko Dar, kwenye picha mfuko mmoja mkubwa wa tumboni, nikapenda kwa sababu asubuhi huku naingiza mikono yote miwili inakutana ndani inapashana joto. Ikaja na zipu na mifuko miwili midogo ya pembeni. Nikamwuliza akasema picha ni ya mfano. Mfano wa nini? Sasa leo ndiyo naelewa labda picha ilitengenezwa. Kijora tafadhali wateja wako usiwafanyie hivyo, weka na picha ya hudi yenyewe ilivyo pembeni.

Kijora_wa_Sinza #22
Mama pole sana. Nitaweka zote mbili, ya modo na ya mdoli. Ndiyo maana nahangaika mfuko utoke sawa, nisingejali ningepost tu ile ya zipu.

Mpiga_Picha_Ilala #23
Mimi nasema mnajisumbua. Mpigie modo mwingine, picha kumi dakika ishirini, mwanga wa nje, umemaliza. Mmekesha siku mbili kwa ajili ya kamba.

mtu_wa_Kimara #24
Mpiga picha lazima useme hivyo, tumekuelewa 😂

Kijora_wa_Sinza #25
Umeme umerudi. Majibu: maski ya zamani + picha ya mdoli = kofia hakuna, shingo ya duara ileile. Maski mpya + picha ya mezani = kofia ipo lakini imesimama kama kola ya padre. Kwa hiyo mmeshinda wote 😅 asanteni.

Sasa kamba. Bado ya kushoto inayeyuka.

PikseliMbili #26
Picha yako nimepima. Kutoka shingoni mpaka kwenye pindo la chini ni kama pikseli 450, na hudi ya size yake ina kama sentimita 65. Hiyo ni karibu pikseli 7 kwa kila sentimita. Kamba ya hudi ina upana wa milimita 6 tuseme. Kwa hiyo kamba yako kwenye picha ina upana wa pikseli 4.

Hizi modeli hazipaki moja kwa moja kwenye picha. Zinaibana kwanza picha, kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 unakuwa nukta moja, zinapaka humo, halafu ndiyo zinaifungua tena. Kamba yako ni nusu ya nukta. Ikibahatika kukaa katikati ya nukta inaonekana, ikiangukia mpakani mwa nukta mbili inamezwa na kitambaa. Maandishi ya kifuani yamesalimika kwa sababu mistari yake ni minene kuliko kamba, na ni meupe juu ya nyeusi.

Usijaribu kumaliza kwa mpigo mmoja. Pitia mara ya pili sehemu ndogo tu. Kwenye ile programu ya mdogo wako nenda `Inpaint`, paka maski kifuani tu kuanzia kooni mpaka ncha za kamba zinapoishia, halafu `Inpaint area` uchague `Only masked`. Hapo inakata kile kipande peke yake inakikuza inapaka inarudisha. Kipande chako kina kama pikseli 256, ukiweka ukubwa 1024 kinakuzwa mara 4, kamba inakuwa pikseli 16, yaani nukta mbili kamili. Hapo inaonekana yote.

Kijora_wa_Sinza #27
Nimefanya, kamba zimekuwa kali nzuri zina mpaka kibati mwishoni. Lakini sasa zimeanza zenyewe hazijaungana na vitundu, ni kama zimewekwa juu ya kifua. Na rangi ya hudi pale kifuani ina ukungu wa kijivu.

PikseliMbili #28
Mambo mawili hayo. `Only masked padding` imebaki 32 nadhani, ndiyo inayokuja nayo. Modeli imeona kifua tu, haijaona kofia wala vitundu, kwa hiyo haijui kamba inatokea wapi. Ongeza mpaka 100 au zaidi, ila kadiri unavyoongeza ndivyo kamba inavyorudi kuwa nyembamba kwa sababu kipande kinakuwa kikubwa, tafuta katikati. Na anza maski juu ya vitundu, siyo chini yake.

Ule ukungu ni sweta la zamani. Inaonekana umepitia tena kwenye picha ya mwanzo kabisa badala ya ile iliyokwishavalishwa hudi. Ukiacha `Masked content` kwenye `original` na `Denoising strength` 0.75, kilichokuwepo chini hakifutiki chote, rangi na mwanga wake vinabaki vinavuja. Mtu anayegeuza kijivu kuwa nyeusi hilo ataliona haraka.

Kijora_wa_Sinza #29
Eeh ni kweli nilipitia ya mwanzo. Aibu.

Chenga_la_Promti #30
Si aweke strength 1 tu ayamalize?

PikseliMbili #31
Kwenye raundi ya kwanza ndiyo, sweta lifutike lote. Kwenye raundi ya kamba ukiweka 1 unafuta na hudi uliyokwishapata, inakuja na kifua cha hudi nyingine. Mimi hapo nakaa 0.5 hivi.

FundiMbagala #32
Nimeangalia ya #27. Kamba zinalala kufuata mwili. Modo ameinama kidogo mbele, ameegemea ule ukingo. Mtu akiinama kamba inaachana na kifua inaning'inia wima kuelekea chini, haifuati tumbo. Hapo hata mtoto atajua kuna kitu hakiko sawa ingawa hatajua nini.

PikseliMbili #33
Daah. Hilo sina jibu lake zuri. Picha ya nguo ni ya mdoli aliyesimama wima, inaiga kamba zilivyo pale.

Mpiga_Picha_Ilala #34
Jibu lake ni kumpiga mdoli akiwa ameinamishwa 😏 au upake kamba kwa mkono kwenye programu ya picha, mistari miwili ya brashi, kisha upitishe strength ndogo iifanye kama kitambaa. Dakika tano. Mimi sipingi teknolojia, napinga kukesha.

Chenga_la_Promti #35
Hilo la kuchora kwanza kwa mkono linafanya kazi, nishafanya kwenye vidani. Nachora mstari mbaya mbaya, naweka 0.4, inaupokea inausafisha.

Shangazi_Temeke #36
Nina swali la pembeni. Hudi za watoto za mtumba ninazouza Karume nyingi hazina kamba, zingine zina vitundu ila kamba hakuna, wateja wanasema mbovu wananipunguzia bei. Nazo nikizitengeneza kwenye picha niweke kamba?

FundiMbagala #37
Usiweke shangazi. Siyo mbovu. Kule Marekani tangu 1996 mamlaka yao ya usalama wa bidhaa ilitoa mwongozo kwamba nguo za nje za watoto wadogo zisiwe na kamba ya kofia wala ya shingoni, watoto walikuwa wananaswa kwenye vifaa vya kuchezea wananyongwa. Ulaya nao wana kiwango chao. Kwa hiyo nguo ya mtoto ya huko nyingi inatoka kiwandani bila kamba, au ina vifungo vya kubana. Mwambie mteja hivyo na bei usishushe.

Shangazi_Temeke #38
Nimeuziwa maneno ya bure miaka yote hii! Asante fundi.

PikseliMbili #39
Na hapo modeli itakuwekea kamba hata hudi haina, kwa sababu hudi nyingi ilizojifunzia zina kamba. Kwa ya mtoto ukiona kamba zimetokea ndiyo kosa.

Kijora_wa_Sinza #40
Turudi kwangu jamani 😅 Kamba nimechora kwa mkono, zimekaa wima. Bado mfuko. Kwa maneno ya Chenga unakuwa mmoja mara mbili kati ya tano, na ukiwa mmoja umepanda juu mno, uko chini tu ya maandishi ya kifua.

FundiMbagala #41
Mfuko wa hudi unakaa moja kwa moja juu ya ule mkanda wa kuvutika wa chini, umeshonewa hapohapo. Ukiona pengo kati ya mfuko na mkanda, au mfuko uko usawa wa kitovu kwenda juu, ni makosa. Sweta lake lilikuwa refu kiasi gani?

Kijora_wa_Sinza #42
Fupi. Linaishia kiunoni juu ya mkanda wa jinzi. Hudi inashuka mpaka nyongani.

PikseliMbili #43
Basi ni shida ileile ya kofia, upande wa chini. Maski imeishia sweta lilipoishia, modeli imelazimika kubana hudi nzima ndani ya umbo la sweta fupi, mfuko ukapandishwa. Shusha maski kiganja kimoja chini ya pindo la sweta, paka mpaka juu ya jinzi. Na usiifuate sweta kwa ukaribu kwenye mbavu, iache pana kidogo kila upande kwa sababu hudi imelegea. Maski ikibana mwili unapata hudi iliyobana kama fulana.

Chenga_la_Promti #44
Na kupasuka katikati? Mimi bado nasema ni maneno.

Mpiga_Picha_Ilala #45
Mimi nasema ni mwanga. Hudi nyeusi, mdoli mweusi, taa ya dari ya dukani. Nimeivuta picha yake nimeongeza mwangaza, mfuko hauonekani. Kuna michirizi miwili tu ya pembeni pale mikono inapoingilia, juu na chini ya mfuko hakuna mstari wowote. Mashine inaona mianya miwili ya mshazari, inasema mifuko miwili. Hata mimi ningesema miwili. Sogeza mdoli karibu na mlango, mwanga uje kutoka UPANDE, zima taa ya juu. Mshono utatupa kivuli na mfuko utainuka.

FundiMbagala #46
Na uweke gazeti lililokunjwa ndani ya mfuko uvimbe kidogo.

PikseliMbili #47
Mwanga upo, lakini mikono pia. Modo amekutanisha mikono tumboni, vidole vinaficha katikati ya mfuko. Modeli haioni katikati inaamua yenyewe.

Kijora_wa_Sinza #48
Nimeshusha maski, nimesogeza mdoli mlangoni (wapita njia wanauliza bei ya mdoli), gazeti ndani. Kumi nilizotoa, nane mfuko ni mmoja na umekaa juu ya mkanda. Mbili bado umepasuka, na hizo mbili ni za pozi la mikono tumboni. Pozi la mikono pembeni zote ziko sawa.

Chenga_la_Promti #49
Neno pullover uliliacha humohumo?

Kijora_wa_Sinza #50
Ndiyo, limo.

Chenga_la_Promti #51
Basi ni pullover hiyo 😎

mtu_wa_Kimara #52
😂😂😂 huyu hakubali kushindwa

Jirani_wa_Sheria #53
Samahani kuharibu sherehe, hizo mbili mlizotaja huko juu, IDM-VTON na CatVTON, leseni yake ni CC BY-NC-SA 4.0. NC maana yake siyo kwa biashara. Kijora anauza.

PikseliMbili #54
Kweli, nilipaswa kusema. Kijora ile ya kuvalisha angalia leseni yake kabla hujaweka tangazo. Ile ya `Inpaint` nayo inategemea modeli uliyopakia ndani, kila moja ina leseni yake. Soma.

Kijora_wa_Sinza #55
Mdogo wangu ndiye aliyeweka, simjui hata kaweka ipi. Nitamuuliza akirudi chuo.

Mpiga_Picha_Ilala #56
Nipo Ilala Boma, dakika ishirini, picha kumi 😏

Kijora_wa_Sinza #57
Bei gani kwanza?

FundiMbagala #58
Kabla hamjaelewana bei, kwenye ile picha ya mwisho ya mikono pembeni kitundu cha kushoto hakipo. Kamba ya kulia imetoka kwenye kitundu cha bati, ya kushoto imetoka kwenye kitambaa.

PikseliMbili #59
Msuko umepita pale, umekifunika.

FundiMbagala #60
Msuko uko nyuma ya bega. Nimekuza.

PikseliMbili #61
Kuna mwingine mwembamba mbele. Angalia chini ya sikio.

FundiMbagala #62
Hiyo ni kamba.

Mama_Makambako #63
Kijora hiyo nyeusi size kubwa ipo? Mfuko ni mmoja kweli? Nipigie mdoli picha nyingine umeingiza mkono wako ndani utokee upande wa pili, hiyo ndiyo nitaiamini.